Kwa nini msosi wa kwenye katuni unatamanisha kuliko wa kwenye sahani? Na kwenye riwaya watu wanakula ili iweje?

#1 Kibaraza_Makole

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanisumbua, naomba mnisaidie. Chakula cha kwenye filamu za katuni, hasa za Kijapani, kinatamanisha kupita kiasi. Yai la kukaanga lililochorwa kwa mkono, rangi tatu tu, nameza mate. Nikitazama bongo muvi watu wanakula pilau la kweli, nyama unaiona kabisa, wala sihisi kitu.

Sasa njoo kwenye riwaya. Huko watu wanakula kila baada ya kurasa chache, na sijawahi kufunga kitabu nikaenda kutafuta chakula. Ila baada ya miaka, kisa chenyewe kinanitoka kichwani na mlo unabaki. Nakumbuka nani alikaa na nani, nani alinyimwa.

Dai langu: mchoraji anatulaghai kwa rangi, na mwandishi anatumia mlo kukusanya watu mahali pamoja ili wagombane vizuri. Hakuna zaidi ya hapo. Nipingeni.

#2 ZabibuKavu

Mkuu, una njaa tu. Ulitazama saa ngapi?

#3 Fundi_Sabasaba

Siri yake ni ndogo. Hawachori. Wanapiga picha chakula halisi, kompyuta inapaka rangi juu yake. Na hata kile cha kwenye matangazo ya biashara sio chakula, maziwa unayoona ni gundi. Tunalaghaiwa kila upande.

#4 Mchora_Vibonzo

Fundi, kwenye matangazo umegusa kitu. Gundi nyeupe hutumika badala ya maziwa ili nafaka zisilowe wakati mpiga picha anahangaika, na gliserini hunyunyiziwa ili matone yasikauke. Lakini katuni za mkono hazipigwi picha kisha zikapakwa rangi. Wachoraji huangalia chakula halisi, hukila, hukipiga picha za kumbukumbu, kisha huchora upya kabisa. Mwaka 1974 Wajapani walitengeneza Heidi, muongozaji Isao Takahata, na Miyazaki akiwa mpangaji wa picha. Walisafiri kwenda Uswisi kutazama maisha ya kule. Jibini inayoyeyushwa motoni na kumwagika juu ya mkate kwenye katuni ile mpaka leo Wajapani wanaizungumzia. Ni rangi ya njano bapa tu. Kinachofanya kazi ni namna inavyoshuka, polepole, kwa uzito wake.

Naweka mfano wa kwangu maana naishi kwa kazi hii hapa Dodoma. Niliwahi kupewa kipande cha sekunde tatu kwa ajili ya kipindi cha watoto: mtoto anamega ugali, anachovya kwenye mlenda, anapeleka mdomoni. Sekunde moja ni fremu 24, na kwa kawaida mchoro mmoja tunaushikilia fremu mbili, kwa hiyo sekunde tatu ni michoro 36. Hiyo 36 unaigawaje?

Mwanzoni niligawa sawasawa: kumega, kuchovya, kuinua, kula. Ikatoka mbaya. Mlenda ulikuwa unakatika mara tu mkono unapoinuka, ukaonekana mchuzi wa maji. Wote mnajua mlenda hauko hivyo. Unavutika, unakuwa mwembamba katikati, na mlaji anazungusha kiganja ili aukate. Nikapunguza michoro ya kutafuna, nikaihamishia kwenye ule uzi. Uzi ulipopata muda wa kuvutika, ncha ya chini ikarudi bakulini taratibu na ya juu ikaning'inia kidogo kwenye tonge, hapo hapo mhariri akasema ana njaa. Rangi sikuigusa.

La pili ni mvuke. Usiuchore juu ya ugali mzima. Uanzishe pale palipomegwa, kwa sababu hapo ndipo ndani pamefunguka. Uwe hafifu na uende polepole. Ukienda haraka unakuwa moshi, na mtazamaji anadhani kimeungua.

Kwa hiyo Kibaraza, kulaghai kupo, lakini si kwa rangi. Chakula halisi mbele ya kamera kinapoa, mafuta yanaganda, muigizaji anarudia kipande mpaka amekinai. Sisi tunachagua dalili chache zinazosema "bado moto, bado laini" na kuacha mengine yote.

#5 Mama_Ntilie_Majengo

Wanangu nimeona mnauliza namna ya kufanya chakula kitamanishe, hiyo ndiyo kazi yangu kila siku asubuhi. Msifunike mchicha ukishaiva, ukifunika unabadilika rangi unakuwa kama wa jana. Rojo la nyanya lenye mafuta liwekwe juu mwishoni, usilikoroge mpaka ndani, maana mteja anaona juu tu. Maharage yafunikeni, ukimfunulia mteja mvuke ukampiga usoni hawezi kuondoka.

Lakini niwaambie ukweli, mteja hanunui sufuria. Anamnunua yule aliyekaa anakula. Benchi likiwa tupu, hata upike nini, watu wanapita. Kwa hiyo asubuhi bodaboda wangu wa kwanza namuweka upande wa barabarani, anakula kwa raha zake, na wengine wanakuja.

#6 ZabibuKavu

Mama kajibu swali ambalo halikuulizwa, na kajibu kuliko sote.

#7 Mchora_Vibonzo

Kweli kabisa. Aliyosema Mama kuhusu yule bodaboda ndiyo tunafanya. Chakula peke yake mezani hakidumu kwenye picha zaidi ya sekunde mbili. Lazima umrudie mlaji: shavu linavimba, anapuliza, anaungua ulimi lakini haachi.

#8 Mgogo_Halisi

Mchora, nina neno na wewe. Ugali huo wa kwenye kipindi ulikuwa wa nini? Kama ni sembe nyeupe, basi umetuuza. Mlenda unaliwa na ugali wa uwele au wa mtama. Ugali wa uwele una ukijivu. Ukiupaka weupe ili watoto wa mjini watamani, umewafundisha kuona haya chakula cha bibi zao.

#9 Mchora_Vibonzo

Ulikuwa wa uwele, na ulinitesa. Kijivu kwenye skrini ni rangi ngumu. Ukiweka kivuli cha kijivu juu ya ugali wa kijivu, unapata plasta ya ukutani. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuzungushia rangi za moto, sufuria jekundu, ukuta wa udongo. Matokeo ni kinyume, kijivu kikikaa kando ya rangi ya chungwa jicho linakiona kimepoa na kuelekea bluu. Nilichofanya ni kuweka bakuli la bati lenye ukingo wa bluu, na kivuli cha mezani nacho nikakipa ubluu kidogo. Ugali uleule, rangi ileile, ukaonekana una joto. Hakuna unga uliobadilishwa, mzee.

#10 Mgogo_Halisi

Hapo nimekuelewa. Ila bado naona umemtumikia mtazamaji zaidi ya mlaji.

#11 Mwalimu_Kongwa

Naomba niingie upande wa riwaya, maana naona umeachwa yatima.

Kibaraza anasema mwandishi anakusanya watu wagombane. Nampinga kwa kitabu ambacho wengi tumekisoma, Shujaa Okonkwo, kile cha Chinua Achebe cha mwaka 1958 alichotafsiri Clement Ndulute. Mwanzoni kabisa Okoye anakwenda kwa Unoka, baba yake Okonkwo. Unoka analeta kola, ile kokwa ya kumkaribishia mgeni, kisahanini, pamoja na pilipili kidogo na chaki nyeupe. Kisha kinafuata kitu ambacho mwanafunzi mvivu hukiruka: wanabishana nani aivunje ile kola. Vunja wewe. Hapana, wewe. Wanakwenda hivyo kwa muda, mwisho mwenyeji anakubali. Wanakula, wanazungumza afya, mvua, viazi vikuu, vita. Baada ya yote hayo ndipo Okoye anaanza kuzunguka kwa methali, na kilichomleta kinajitokeza: anadai simbi zake 200, zile kauri zilizokuwa fedha yao.

Unoka anacheka mpaka machozi. Anamuonyesha ukutani mistari ya chaki, kila fungu la mistari ni deni la mtu, na anasema atalipa madeni makubwa kwanza. Okoye anakunja ngozi yake ya mbuzi anaondoka.

Sasa tazameni. Hakuna aliyegombana. Mkishakula pamoja, mdai hawezi kupiga kelele tena. Mlo umemfunga mdomo. Achebe hatuambii kola ilikuwa na ladha gani, kwa sababu ladha haina kazi hapo. Kazi ni ya ule ubishi wa nani avunje. Ndiyo maana Kibaraza hupati njaa ukisoma.

#12 Kibaraza_Makole

Mwalimu asante. Lakini hapo umeniunga mkono bila kutaka. Wamekusanywa, na jambo limetokea. Kutogombana nako ni ugomvi uliovaa kanzu.

#13 Binti_wa_Kondoa

Mimi naona mlo kwenye riwaya ni upendo tu. Watu wakila pamoja wanakuwa kitu kimoja. Na katuni ni hivyohivyo. Ile Spirited Away, yule binti anakula na wazazi wake kwenye ule mji wa mizimu, wote wanageuka nguruwe, inafundisha kwamba familia hata kwenye shida iko pamoja.

#14 Kijana_wa_UDOM

Dada, filamu gani hiyo umetazama? Chihiro hakula. Alikataa tangu mwanzo, akawasihi waondoke. Walioparamia chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya mizimu ni baba na mama, na wao peke yao wakawa nguruwe. Yeye baadaye anaanza kufifia, mwili unapitisha mwanga, na Haku, kijana wa kule anayemsaidia, anamlazimisha ameze kitu kidogo cha ulimwengu ule ili asipotee.

#15 Binti_wa_Kondoa

Sawa mtaalamu. Lakini kumbe filamu hiyohiyo chakula kinaangamiza na chakula kinaokoa. Hiyo mbona hamuielezi?

#16 Mchora_Vibonzo

Swali zuri kuliko yote hapa. Wazazi wanakula minofu minene inayong'aa, rundo kubwa, mafuta yanachuruzika, na kwa ufundi hiyo ndiyo sehemu yenye kazi nyingi. Inatamanisha sekunde chache kisha inachefua, kwa sababu kasi ya mikono inaongezeka na hawatazamani. Baadaye Haku anampa Chihiro matonge ya wali mweupe. Hayana mng'ao wala rangi, ni weupe tu. Anauma tonge la kwanza polepole, kisha kwa pupa, kisha machozi makubwa yanadondoka. Wengi ukiwauliza chakula gani wanakitamani kwenye filamu ile, watakutajia tonge lile la wali.

Kwa hiyo hata nadharia yangu ya mvuke na uzi wa mlenda haitoshi. Wali ule hauna hata dalili moja ya zile nilizozitaja.

#17 Fundi_Sabasaba

Sauti. Zima sauti utazame tena, hamu yote inakwisha. Mkaango unavyolia, mtu anavyovuta tambi, sahani inavyogonga meza. Picha inapata sifa isiyo yake.

#18 Mchora_Vibonzo

Kwenye mkaango nakubali. Kwenye tonge la wali, wali hauna sauti.

#19 Kijana_wa_UDOM

Kwenye katuni za kompyuta kuna sababu nyingine, ya mwanga. Chukua zabibu moja ya hapa kwetu, iinue upande wa jua. Mwanga haupigi ganda na kurudi, unaingia ndani, unatawanyika kwenye nyama ya tunda, unatokea upande mwingine. Ndiyo maana inaonekana ina maji. Zamani programu zilihesabu mwanga unaogonga juu tu, matunda yote yakawa ya plastiki. Kwenye Ratatouille, ile ya Pixar ya 2007, wahusika walipika vyakula ambavyo mwanga umepenya, mkate, jibini, mboga. Hata kile chakula cha mwisho, kile cha vipande vya duara vilivyopangwa, walikibuni wachoraji wenyewe ili mwanga upite vizuri.

#20 Mchora_Vibonzo

La mwanga ni sahihi. La kubuni, hapana. Ratatouille ya kawaida ya Ufaransa ni mchuzi wa mboga zilizokatwa vipande na kupikwa pamoja. Kile cha mduara kilitoka kwa mpishi wa Marekani Thomas Keller, aliyekuwa mshauri wa filamu, naye alikiboresha kutoka kwa Mfaransa Michel Guérard aliyekiandika mwaka 1976. Mpishi alitangulia, mwanga ukafuata.

Na angalia nani anakila. Mkosoaji mkali, mtu aliyekonda. Anapoweka uma mdomoni anarushwa utotoni, yuko mlangoni kwa mama yake. Kalamu inamdondoka. Hapo mwanga umemaliza kazi yake kitambo.

#21 ZabibuKavu

Mimi nakataa jambo moja. Mnasema mlaji, mlaji. Mbona tambi za Kijapani nazitamani na sijawahi kuzionja? Zingekuwa wali maharage wa kwetu, na mlaji yuleyule na machozi yaleyale, ningetamani hivyohivyo? Nadhani tunatamani tusichokijua. Chakula ambacho hakijawahi kukupa kiungulia hakina kasoro.

#22 Mgogo_Halisi

Na wao Wajapani wangeuona mlenda wa Mchora wangetamani?

#23 Mchora_Vibonzo

Wao wana maharage yao yanayovutika nyuzi, wangetuelewa haraka kuliko watu wa Dar.

#24 ZabibuKavu

Watu wa Dar wamefika hapa sasa kwa treni, wanakula mlenda kimyakimya usiku.

#25 Mwalimu_Kongwa

Narudi kwa Binti wa Kondoa aliyesema mlo ni upendo. Sitaki kumkatisha tamaa, lakini asome Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyoletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf anafurahi kila mjomba Aziz akija nyumbani, kwa sababu siku hiyo kunapikwa chakula kizuri, na mjomba humpa sarafu. Msomaji naye anafurahi pamoja na mtoto. Kumbe baba anadaiwa, na siku moja mjomba anaondoka na Yusuf mwenyewe kufidia deni. Rudi sasa usome ile milo ya mwanzo. Kila sahani iliyopelekwa mbele ya mgeni ilikuwa woga wa mdaiwa. Mtoto alisikia harufu, watu wazima walisikia hesabu.

Kwa hiyo vitabu viwili, milo miwili, madeni mawili. Kwa Unoka mlo unamlinda mdaiwa. Kwa baba yake Yusuf haukumlinda.

#26 Binti_wa_Kondoa

Mwalimu, umechagua vitabu vya madeni halafu unashangaa kukuta madeni. Kwenye Shujaa Okonkwo hukohuko, akimaliza uhamisho anawaandalia ndugu za mama yake karamu. Na mzee mmoja pale anasimama na kusema, kwa maana, kwamba anayewaita jamaa kula hawaiti kwa sababu wana njaa, kila mtu ana chakula kwake. Wanakuja kwa sababu ni vizuri ndugu kukutana. Nani anadai nani hapo?

#27 Kibaraza_Makole

Okonkwo anadaiwa miaka saba ya hifadhi. Anailipa kwa mbuzi.

#28 Binti_wa_Kondoa

Nyie wanaume mnaona daftari kila mahali.

#29 Mgogo_Halisi

Dada yuko sawa na Mwalimu yuko sawa. Kwenye sinia nililokulia mimi, wadogo hawakugusa nyama mpaka mkubwa agawe mwishoni. Ukipitisha mkono mbele ya mwenzako unapigwa jicho. Ilikuwa upendo na ilikuwa daraja, wakati mmoja, kwenye sinia moja. Kilichonifundisha nafasi yangu ni kile kipande cha nyama nilichokisubiri nikikitazama. Nadhani ndiyo maana mimi katuni hainipi njaa sana, huko kila mtoto ana sahani yake.

#30 Kijana_wa_UDOM

Mzee hiyo ya kusubiri ndiyo yenyewe. Chihiro amekaa bila kula muda mrefu ndipo akapewa tonge. Wewe umekaa unaitazama nyama. Pengine hamu inajengwa na kungoja, chakula chenyewe ni cha mwisho kufika.

#31 ZabibuKavu

Basi foleni ya benki ingekuwa tamu.

#32 Mwalimu_Kongwa

Nimecheka. Lakini Mgogo kanikumbusha picha moja, kitabu kilekile cha Achebe, pale kwenye sikukuu ya viazi vikuu vipya. Kunasimuliwa tajiri aliyewawekea wageni kilima cha fufu, ugali wao wa viazi vikuu, kirefu kiasi kwamba waliokaa upande huu hawakuwaona wa upande ule. Wakala, wakala, mpaka jioni sana mmoja akamuona mkwe wake aliyefika katikati ya mlo na kukaa ng'ambo. Wakasalimiana na kupeana mikono juu ya mabaki.

Mchora, hiyo ungeichora? Hapo fufu haina mng'ao wowote, na hakuna anayelia.

#33 Mchora_Vibonzo

Ningeichora bila kumuonyesha mkwe hata mara moja mpaka mwisho. Kamera inabaki upande mmoja, chini, kilima kinajaa skrini. Mikono inamega, kilima kinashuka, mwanga wa dirishani unabadilika kutoka mweupe kwenda wa jioni. Kisha kofia inatokea juu ya ukingo. Shida ni moja: nani angekaa atazame kilima cha fufu kwa dakika nzima? Kwenye kitabu ni sentensi chache.

#34 Mgogo_Halisi

Mimi ningekaa. Weka ugali wa uwele.

#35 Kibaraza_Makole

Wakuu nashukuru, ingawa dai langu limechanwachanwa na hakuna aliyeleta lingine la kukaa mahali pake. Fundi anasema sauti, Kijana anasema kungoja, Mama anasema bodaboda, Zabibu anasema ugeni, Mwalimu anasema deni. Nani anaongeza?

#36 Fundi_Sabasaba

Mimi bado niko kwenye sauti. Mchora hajaniambia mlenda wake ulikuwa na sauti gani.

#37 Mchora_Vibonzo

Haukuwa nayo. Kipindi kilitoka na muziki juu yake, na nakiri kimya kile kinanikera mpaka leo. Nataka kukirudia kwa ajili yangu mwenyewe. Mama Ntilie, naweza kuja na simu nirekodi mlenda unavyokorogwa, na mwiko unavyosonga ugali?

#38 Mama_Ntilie_Majengo

Njoo kabla ya saa tano, baada ya hapo kuna kelele za wateja. Simu usiiweke karibu na mvuke, wa kwanza aliyejaribu alienda kwa Fundi. Na sahani unanunua, harufu ndiyo ya bure. Utakaa upande wa barabarani.